Maombi ya Kuongezewa Ruhusa Baada ya Msiba

Zaina Hamisi Mbaruku,
Mtunza Ghala Daraja la II,
Kwa sasa: Bweni, Wilaya ya Pangani,
Mkoa wa Tanga.

16 Mei 2025

Meneja wa Ghala na Usambazaji,
Ghala Kuu la Dawa, Ubungo,
Dar es Salaam.

Ndugu,

YAH: MAOMBI YA KUONGEZEWA RUHUSA KUTOKANA NA MSIBA WA BABA NA UGONJWA WA MAMA MZAZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kufuatia mazungumzo yetu ya simu ya jana mchana, ambapo ulinielekeza nilete maombi yangu kwa maandishi ili yapelekwe Idara ya Rasilimali Watu kabla ya siku niliyotakiwa kuripoti kazini, yaani Jumatatu tarehe 19 Mei 2025. Ninaomba kuongezewa ruhusa kuanzia tarehe hiyo hadi Jumapili tarehe 8 Juni 2025, na kurejea kazini Jumatatu tarehe 9 Juni 2025 asubuhi.

Kama unavyofahamu, baba yangu mzazi alifariki dunia usiku wa Jumamosi tarehe 10 Mei na kuzikwa hapa Bweni siku iliyofuata baada ya swala ya alasiri. Ulinipa ruhusa ya siku nne, Jumatatu hadi Alhamisi, na Ijumaa ya leo ukakubali ikatwe kwenye likizo yangu ya mwaka ili nipate nafasi ya kusafiri. Nawashukuru wewe na wenzangu wote wa ghala kwa rambirambi na kwa waliosafiri usiku kucha kuja kuzika pamoja nasi. Hitma ilisomwa siku ya tatu, matanga yakaondolewa, na nilikuwa nimekwisha kata tiketi ya basi la Jumapili.

Alfajiri ya kuamkia jana mama alishindwa kuinuka kwenda kutawadha. Mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimelegea, na alipojaribu kunijibu maneno hayakutoka yakaeleweka. Tulimvusha Mto Pangani kwa boti hadi mjini, akapokelewa katika hospitali ya wilaya, na kabla ya saa sita mchana akapewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, Tanga, ambako amelazwa hadi sasa. Madaktari wamethibitisha kuwa ni kiharusi. Mama amekuwa na shinikizo la damu kwa miaka mingi, na katika siku za msiba, kwa jinsi nyumba ilivyojaa watu, hakuna aliyefuatilia kama dawa zake anazimeza.

Daktari anayemhudumia ametueleza kuwa, hali ikiendelea kutulia, anaweza kuruhusiwa ndani ya wiki ijayo, lakini atahitaji mtu wa kumhudumia usiku na mchana katika wiki za mwanzo, pamoja na kurudishwa kliniki ya mazoezi ya viungo kwa tarehe atakazopangiwa. Kwa sasa hawezi kujigeuza kitandani, hivyo tumeelekezwa tumgeuze kila baada ya saa mbili asije akapata vidonda vya mgongo. Uji anapewa kijiko kimoja kimoja akiwa ameketishwa wima, na ni lazima kuhakikisha amemeza ndipo apewe kingine, kwa kuwa akipaliwa chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu. Kazi hizi, na nyingine za kumwogesha na kumsitiri, hazifai kuachiwa jirani, hata awe mwema namna gani.

Najua swali la kwanza litakaloulizwa ni kwa nini nisimchukue mama nikakaa naye Dar es Salaam, nikaendelea na kazi huku nikimwuguza, na kwa kweli ndilo lingekuwa jambo rahisi zaidi kwangu. Mama ameingia eda. Kwa mujibu wa dini yetu, mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi akiwa katika nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe, na ingawa kutoka kwa ajili ya matibabu kunaruhusiwa pasipo shaka, kumhamishia mkoa mwingine kwa sababu ya kunirahisishia mimi kazi ni jambo ambalo yeye mwenyewe, kwa ishara alizoweza kutoa, amelikataa, na wazee wa familia wamemuunga mkono. Eda yake itaisha takriban katikati ya mwezi Septemba. Siombi ruhusa ya muda huo wote. Nimelieleza hili ili ieleweke kwamba lazima apatikane mtu wa kukaa naye hapa Bweni, na kwamba ninachoomba ni muda wa kumsubiri mtu huyo.

Mtu huyo tunaye. Mimi ni binti pekee wa mama. Kaka yangu mkubwa anafanya kazi Maskati, na tajiri wake amemruhusu kuja mwezi wa Agosti, si kabla ya hapo; mdogo wetu wa mwisho yuko kidato cha nne, shule ya bweni, na hata angekuwepo hapa, kumwogesha mama si kazi ya mtoto wa kiume. Aliyekubali kuja kukaa na mama ni wifi yangu, mke wa kaka, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi Muheza na hawezi kuacha darasa kabla ya shule kufungwa mapema mwezi Juni. Tumekubaliana afike Bweni Jumamosi tarehe 7 Juni, nimkabidhi mgonjwa, dawa na ratiba ya kliniki, nami nisafiri siku inayofuata. Likizo yake ikimalizika, shangazi yetu aliyeko Unguja atampokea hadi kaka atakapowasili. Hivyo sitegemei kuja kuomba nyongeza nyingine baada ya hii. Hata kisomo cha arobaini ya marehemu tumekipanga Jumapili tarehe 22 Juni, ili niweze kwenda na kurudi bila kugusa siku ya kazi.

Kuhusu aina ya ruhusa, nimejitahidi kutotaka zaidi ya kile ninachostahili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Sura ya 366, inampa mfanyakazi angalau siku nne zenye malipo anapofiwa na mzazi, na siku hizo nimekwisha kuzitumia zote. Ruhusa ya namna hiyo kwa sababu ya ugonjwa inamhusu mtoto wa mfanyakazi, haimtaji mzazi, na likizo ya ugonjwa ni kwa ajili ya mfanyakazi anayeumwa mwenyewe. Kwa hiyo naleta ombi, sidai haki. Wapo walionishauri kwa nia njema nitafute ED kwa jina langu, wakisema baada ya msiba hakuna daktari atakayeninyima. Nimeona si sawa, maana mimi siumwi, na karatasi hiyo ingekaa kwenye jalada langu ikisema uongo kwa miaka yote nitakayokuwa hapo kazini.

Ninachoomba ni kwamba siku 17 zilizobaki katika likizo yangu ya mwaka, baada ya kuondoa zile 10 nilizochukua mwezi Januari na hii moja ya leo, zitumike zote kuanzia Jumatatu tarehe 19 Mei hadi Jumatano tarehe 4 Juni. Kuanzia Alhamisi tarehe 5 hadi Jumapili tarehe 8 Juni naomba iwe likizo bila malipo. Katika siku hizo za mwisho, siku za kazi zitakazopotea ni mbili tu, Alhamisi na Ijumaa, kwa kuwa sikukuu ya Idd el Hajj inategemewa kuangukia mwishoni mwa wiki hiyo. Natambua kwamba nikikubaliwa sitakuwa na likizo nyingine hadi mzunguko huu utakapokwisha, nami nimeridhia.

Najua pia kwamba ombi hili linakuja wakati mbaya kwa ghala. Hesabu ya mali ya mwisho wa mwezi iko mbele yetu, na mwezi Juni ni wa kufunga mwaka wa fedha. Kabla ya kuondoka nilimkabidhi Bi. Neema funguo za chumba cha dawa zinazodhibitiwa mbele ya mlinzi wa zamu, na makabidhiano hayo tuliyasaini kwenye daftari. Kadi za mali za rafu zote za upande wangu zimejazwa hadi Ijumaa tarehe 9 Mei. Jambo ninaloliombea uangalizi wa pekee ni jokofu la insulini. Joto lake lazima lisomwe na kuandikwa asubuhi na jioni, libaki kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na siku za Jumamosi na Jumapili usomaji huo umekuwa ukifanywa na mimi kwa sababu naishi karibu. Sasa itabidi apangiwe mtu mwingine kwa jina, kwani likiachwa liwe la kila mtu halitasomwa. Vilevile, katoni za dawa ya maji ya watoto zilizo kwenye rafu ya chini karibu na mlango zinakaribia kuisha muda, na zitolewe kabla ya zile zilizoingia Aprili, ingawa hizo mpya ndizo zilizo karibu na mkono.

Kwenye mfumo wa kompyuta, naomba Bi. Neema afunguliwe ruhusa yake mwenyewe ya kupokea na kutoa mali kupitia kitengo cha tehama, badala ya kutumia nywila yangu, ili likitokea tatizo lolote katika hesabu ijulikane nani aliingiza nini. Mimi nitapatikana kwa simu kila siku kuanzia saa mbili usiku, mgonjwa akishalala, kwa swali lolote linalohusu leja au hati za kupokelea mizigo. Mchana naweza kuchelewa kujibu, hasa saa za kuingia wodini.

Endapo ruhusa yote haitawezekana, naomba nikubaliwe angalau hadi tarehe 4 Juni ndani ya likizo yangu, nami nitajaribu kumpata ndugu wa kushika zile siku chache kabla wifi hajafika, japokuwa hadi sasa sijampata. Iwapo hali ya mama itabadilika kwa namna ambayo inagusa tarehe nilizotaja, nitakujulisha kwa maandishi mapema iwezekanavyo. Na kwa vyovyote vile nitakupigia Ijumaa tarehe 30 Mei kukueleza tumefikia wapi.

Naambatisha nakala ya kibali cha mazishi, barua ya Mtendaji wa Kijiji inayothibitisha msiba na uhusiano wangu na marehemu, na barua ya daktari inayoeleza hali ya mama na tarehe aliyolazwa. Barua hii naituma leo kwa barua pepe, na nakala yenye saini ya wino italetwa ofisini Jumatatu na binamu yangu anayerejea Dar es Salaam.

Natanguliza shukrani zangu za dhati, nikitegemea majibu yako.

Wako mtiifu,

(Saini)
Zaina Hamisi Mbaruku
Mtunza Ghala Daraja la II

Viambatisho: Vitatu

Nakala: Ofisa Rasilimali Watu