TANGAZO KWA UMMA: HALI YA HATARI JIKONI

Serikali ya Jiko la Pamoja, Sinza, inasikitika kuwatangazia wapangaji wote kwamba lile sufuria la ugali la mheshimiwa wa chumba namba 3, lile alilosema "nimeliloweka tu naosha sasa hivi", limebaki kidogo litimize miaka 18 na tunaliandalia fomu za NIDA.

Mende walioko chini ya sinki wameshafanya uchaguzi, wana mwenyekiti wa mtaa na mjumbe, na jana wamepita vyumbani wanachangisha hela ya ulinzi shirikishi.

Kuhusu kikaango cha dagaa hatutaongea sana maana suala liko chini ya uchunguzi, ila paka wa jirani kakichungulia akaomba maji.

Mheshimiwa anapewa hadi leo saa 12 jioni aoshe kila kitu, na kuosha maana yake sabuni na stiliwaya sio kumwagia maji halafu unaondoka unapiga mluzi. Akikaidi, vyombo vyote vitahamishiwa kitandani kwake kwa gharama zake.

Limetolewa na:
Kaimu Waziri wa Sponji, chumba namba 2

NB: Aliyekula mayai yangu mawili namjua.