YAH: PICHA MPYA ZA KAHAWA YETU

Ndugu wanachama,

Wengine mmeuliza kwa nini pakiti zetu zimepigwa picha “studio” wakati chama hakina fedha. Hazikupigwa. Picha hizo zimetengenezwa kwa akili mnemba, kwa sababu picha za zamani zina nembo tuliyoiacha na mpigapicha alikuwa ghali. Ya kwanza ilionesha buni zikining’inia kwenye mgomba. Tuliifuta, ingawa tulicheka sana.

Zitatumika kwenye mabango ya Nane Nane na kurasa zetu za mtandaoni tu, zikiandikwa wazi kuwa ni za kutengenezwa. Mashamba, mitambo ya kumenyea na sura za wakulima zitabaki picha halisi, kwa ridhaa ya mhusika. Mnunuzi wa buni ataendelea kupelekewa sampuli yenyewe.

Mwenye pingamizi alete ofisini kabla ya Ijumaa.

Katibu wa Chama,
Moshi