Wasifu wa Rehema Mwakatobe

Uyole, Mbeya | Simu 0700 000 214 | rehema.mwakatobe@example.com

Nafasi ninayoomba: Afisa Ugani, zao la viazi mviringo

Kwa ufupi

Mhitimu wa agronomia, mtoto wa wakulima wa viazi wa Isongole, Rungwe. Nataka kazi ya shambani, karibu na mkulima. Nipo tayari kuishi kijijini na kuanza mara moja.

Elimu

2022–2025: Shahada ya Kwanza ya Sayansi katika Agronomia, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro
2020–2022: Kidato cha Sita, tahasusi ya CBG, Shule ya Sekondari Loleza, Mbeya

Uzoefu wa shambani

*Mafunzo kwa vitendo, ofisi ya kilimo ya kata, Rungwe, 2024.* Niliambatana na afisa ugani kukagua viazi msimu wa mvua. Kazi kubwa ilikuwa bakajani. Tulifika shambani asubuhi na mapema, kabla umande haujakauka, tukigeuza majani kutafuta ukungu mweupe pembeni mwa madoa, kwa sehemu ya chini. Niliwaelekeza wakulima kung'oa viazi maotea, kupishanisha viuatilifu vya makundi tofauti na kuvaa kinga wanapopulizia. Nilitunza daftari la kila shamba: mbegu ilikotoka, tarehe ya kupanda, dawa iliyotumika na kipimo chake. Mashamba yaliyoonyesha mnyauko bakteria niliyaandika peke yake, kwa kuwa huo hautibiki kwa dawa na viazi vyake havifai kuwa mbegu.

*Utafiti wa mwaka wa mwisho, SUA.* Nililinganisha nafasi za kupanda viazi, nikianza na sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashina. Nilipanga vitalu, nikavuna, nikapima na kuchambua takwimu mwenyewe.

*Shamba la familia, Isongole, kila likizo.* Kupanda, kupalilia, kuvuna na kuuza. Nilishawishi nyumbani tuuze kwa mizani, tuachane na lumbesa. Tangu hapo hesabu zote za mauzo nazitunza mimi.

Ujuzi

Kutambua magonjwa na wadudu wa viazi, mahindi na maharage. Kuchukua sampuli za udongo. Kuendesha shamba darasa. Excel kwa takwimu, Word kwa ripoti (wasifu huu nimeupanga humo na kuuhifadhi kama PDF). Naendesha pikipiki, nina leseni.

Lugha

Kiswahili na Kinyakyusa kwa ufasaha. Kiingereza cha kuandika na kuzungumza. Kisafwa cha kuelewana na wakulima.

Wadhamini

Msimamizi wa utafiti wangu SUA na afisa ugani aliyenisimamia Rungwe. Wote wamekubali kuulizwa. Majina na namba zao zipo kwenye barua ya maombi.