Aya ya data katika makala yetu: toleo jipya na sababu zake

Dada,

Salaam kutoka Gulu. Makala yetu kuhusu mahali akina mama wanapojifungulia nimeisoma yote. Hesabu zako ni safi, majedwali yanasomeka, na hoja ya umbali ni hoja ambayo huku kaskazini haihitaji kutetewa kwa mtu yeyote. Palipobaki ni aya moja, ile ya maelezo ya data. Nimeiandika upya kuanzia mwanzo badala ya kuirekebisha neno kwa neno, kwa sababu tatizo lake haliko kwenye lugha. Ilikuwa hivi:

«Utafiti huu ulitumia data za UDHS, ambazo ni data za kitaifa zinazoaminika. Zilikusanywa mwaka 2016, ambapo wanawake 18,506 walihojiwa kote nchini. Data zinaonyesha umbali kutoka nyumbani kwa kila mama hadi kituo cha afya, pamoja na mahali alipojifungulia. Data hizi zina mapungufu kama data zote za upili, lakini mapungufu hayo hayaathiri matokeo yetu.»

Sentensi ya tatu ndiyo iliyonifanya niweke kalamu chini. UDHS haikupima umbali wa mama yeyote. Hakuna kilomita, hakuna dakika za kutembea. Kilichomo ni kigeu `v467d`, na swali lake lilimuuliza mwanamke kama, anapokuwa mgonjwa na kutaka ushauri au matibabu, umbali wa kituo cha afya ni tatizo kubwa kwake au si tatizo kubwa. Swali linahusu ugonjwa wake mwenyewe, linahusu siku alipohojiwa, na linaomba maoni yake. Sisi tumelitumia kueleza uzazi uliotokea pengine miaka minne kabla. Hilo linawezekana, na bado naamini lina maana, lakini lazima msomaji aambiwe waziwazi kabla hajafika kwenye matokeo.

Toleo jipya ni hili. Limekuwa refu, nami naona linastahili urefu huo:

«Makala hii inatumia data za upili kutoka Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya wa Uganda wa mwaka 2016 (UDHS 2016), ulioendeshwa na Ofisi ya Takwimu ya Uganda (UBOS) kwa msaada wa kitaalamu wa ICF. Wahojaji walikuwa uwandani kati ya Juni na Desemba 2016. Sampuli ilichaguliwa kwa hatua mbili kutoka orodha ya maeneo ya kuhesabia watu ya Sensa ya 2014. Kwanza yalichaguliwa maeneo 697, kati yake 162 ya mijini na 535 ya vijijini. Kisha katika kila eneo zikachaguliwa takriban kaya 30. Eneo moja la Acholi liliachwa kwa sababu ya migogoro ya ardhi. Kaya 19,588 zilihojiwa, na ndani yake wanawake 18,506 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, sawa na asilimia 97 ya waliostahili kuhojiwa. Waliostahili ni wakazi wa kaya pamoja na wageni waliolala humo usiku wa kuamkia mahojiano. Sampuli ilipangwa ili itoe makadirio ya nchi nzima, ya mijini na vijijini, na ya kanda 15; haikupangwa kutoa makadirio ya wilaya, nasi hatutoi.

Hatukuwatumia wanawake wote 18,506. Uchambuzi unahusu wale waliojifungua mtoto hai katika miaka mitano kabla ya mahojiano, na kwa kila mmoja tumechukua uzazi wa mwisho tu, kwa kuwa maswali ya huduma za kliniki ya wajawazito yaliulizwa kwa uzazi huo peke yake. Idadi yao, kabla na baada ya kutumia uzito wa sampuli, imo katika Jedwali la 1. Kigeu tegemezi ni mahali pa kujifungulia (`m15`), tulichokigawa mara mbili: kituo cha afya, cha umma au binafsi, na kwingineko. Kigeu kikuu cha maelezo ni `v467d`, yaani kama mwanamke aliutaja umbali wa kituo kuwa tatizo kubwa anapohitaji matibabu yeye mwenyewe. Si kipimo cha umbali halisi, na hakikuuliza kuhusu siku ya kujifungua. Hivyo katika makala yote tunasema ‘umbali unaoonekana kuwa tatizo’. Makadirio yote yanazingatia uzito, maeneo ya sampuli na matabaka.

Data hizi zina mipaka inayogusa matokeo moja kwa moja. Kwanza, jibu kuhusu umbali lilitolewa baada ya uzazi. Mama aliyejifungulia nyumbani anaweza kuutaja umbali kama sababu hata kama si ndio uliomzuia, na aliyefika kituoni akauona mdogo kwa vile alikwishaumudu. Yote mawili yangekuza uhusiano tunaouona. Pia mama anaweza kuwa alihama kati ya uzazi na mahojiano, na hapo jibu lake linahusu kituo kingine kabisa, jambo ambalo kwa kawaida lingeupunguza uhusiano huo. Pili, waliohojiwa ni akina mama walio hai. Waliofariki kwa sababu za uzazi hawamo. Kwa idadi ni wachache, kwani UDHS hiyohiyo ilikadiria vifo 336 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000, lakini matokeo yetu hayawezi kusema lolote kuhusu uzazi wao. Tatu, orodha ya sampuli ni ya 2014, na utafiti ni wa kaya. Makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa baadaye, kama Bidi Bidi wilayani Yumbe iliyoanza kupokea watu Agosti 2016 wakati wahojaji wakiwa bado uwandani, hayakuwemo kwenye orodha. Kwa hiyo makadirio ya Nile Magharibi yasichukuliwe kuwa yanawahusu wakazi wake. Mwisho, kila mwanamke alihojiwa mara moja tu. Tunaonyesha uhusiano kati ya mambo mawili. Hatudai kwamba moja limesababisha jingine.»

Sasa maelezo machache, ili ukiona kuna pa kupinga unipinge.

Idadi ya 18,506 ni sahihi, ila ukiiacha peke yake msomaji ataidhani ni idadi ya uchambuzi wetu. Atafika Jedwali la 1, atakuta nyingine, na kuanzia hapo atatilia shaka kila namba. Ndiyo maana nimezitenganisha mapema.

Maneno «zinazoaminika» nimeyatoa. Msomaji akijua sampuli ilitoka wapi, ilichaguliwa vipi na wangapi walikubali kuhojiwa, atapima mwenyewe. Kuhusu eneo la Acholi, najua ni eneo moja kati ya 697 na halitikisi hesabu yoyote. Nimelitaja makusudi. Migogoro ya ardhi baada ya watu kurudi kutoka kambini ni sehemu ya maisha ya kanda hii, na pengo lililotokana nayo lina haki ya kutajwa hata kama ni dogo.

Ile kauli kwamba mapungufu «hayaathiri matokeo yetu» haina ushahidi. Hatukupima. Tunachoweza kufanya kwa uaminifu ni kusema kila mpaka unayasukuma matokeo upande gani, juu au chini, na pale tusipojua upande, tueleze tu ni nani asiyeonekana. Utaona sikuorodhesha kila udhaifu wa data za mahojiano. Kusahau, kwa mfano, sikukutaja: ni nadra mama kusahau alikojifungulia mtoto wake wa mwisho, na kulitaja tu ili orodha irefuke kungefunika jambo zito la `v467d`.

Mhakiki mmoja hakika atauliza kwa nini hatukuunganisha data hizi na ramani ya vituo vya afya tupate kilomita. Nimeona tusiliingize kwenye aya, ila jibu liwe tayari. Majira ya nukta ya maeneo ya UDHS husogezwa kwa makusudi kulinda siri za waliohojiwa: hadi kilomita 2 mijini, hadi 5 vijijini, na asilimia 1 ya maeneo ya vijijini hadi 10. Kampala, kusogea kilomita 2 kunatosha kumpa mama kituo kisicho chake. Karamoja, ambako vituo viko mbalimbali, kosa hilo lingekuwa dogo kulinganisha na safari yenyewe, lakini mstari ulionyooka kwenye ramani hauonyeshi mto uliofurika wala kukosekana kwa boda boda usiku. Jibu la mwanamke mwenyewe lina udhaifu niliouandika, na lina nguvu hiyo moja: huenda limeyajumuisha yote hayo. Hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kulichagua, nami ningependa tuitetee bila woga.

Naomba pia uhakikishe kwamba kila jedwali limetoka baada ya mistari hii, kwa sababu Jedwali la 3 lina makosa sanifu madogo kiasi cha kunitia wasiwasi kwamba liliendeshwa bila kuzingatia maeneo ya sampuli (`v021`):

```
gen uzito = v005/1000000
svyset v021 [pw=uzito], strata(v022)
```

Ukichuja wanawake wa uchambuzi, usiwafute wengine kwenye faili. Tumia `subpop()`, la sivyo makosa sanifu yatapotoka tena.

Aya hii ikikubalika, kuna sehemu nyingine mbili zitakazolazimika kuifuata. Kichwa cha Mchoro wa 2 kinasema «umbali hadi kituo», nacho kibadilike. Na sentensi ya mwisho ya muhtasari, ile inayosema kupunguza umbali kutaongeza kujifungulia vituoni, haiwezi kubaki. Napendekeza isomeke hivi: «Wanawake waliosema umbali wa kituo ni tatizo kubwa kwao wanapougua walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kuwa walijifungulia kituoni mara ya mwisho, hata baada ya kuzingatia elimu, hali ya kiuchumi ya kaya na kanda wanayoishi.»