Ombi la kiti na mapumziko mafupi kwenye mtihani wa Takwimu

Shikamoo mwalimu, pole na kazi.

Mimi ni mwanafunzi wako wa Takwimu mwaka wa pili, yule anayekaaga nyuma karibu na mlango. Naomba tuongee kuhusu mtihani wa mwisho, mapema kabla mpango wa viti haujatoka.

Nina urtikaria sugu. Ni mabaka ya ngozi yanayovimba na kuwasha, yanatokea huku yanapotea kule, baka moja haliishi hata siku nzima ila mengine yanakuja, na wakisema sugu ina maana imepita wiki 6 na bado ipo. Haiambukizi kabisa, nalisema hilo maana kwenye testi iliyopita jirani yangu alisogeza meza. Kwangu yanachochewa na joto, stresi na kitu kigumu kinachobana ngozi, sasa mtihani una vyote vitatu. Yale mabenchi ya mbao ndo balaa, mapaja yanavimba, na viganja vikivimba kalamu haishikiki vizuri, mwandiko wenyewe uliuona.

Kwa hiyo naomba nikae pembeni karibu na mlango au chini ya feni, mbali na dirisha linaloingiza jua, na niruhusiwe kiti chenye mto hata nikija nao mwenyewe. Pia dakika 5 kila baada ya saa moja nisimame, ninyooshe miguu na nijipoze kwa kitambaa chenye maji, na hizo dakika nifidiwe mwishoni. Kwa mtihani wa masaa 3 zinakuwa 10 tu, sitaki muda zaidi ya huo. Msimamizi anaweza kunisindikiza na akague mto, chupa ya maji, vidonge na kitambaa, mimi sina shida. Afadhali anikague yeye kuliko anione najikuna mkono kila saa adhani nimeandika majibu humo (na kwa kweli fomula ya variansi isingeenea kwenye mabaka).

Dawa natumia, setirizini kila siku, na daktari ameshaniongezea dozi, inapunguza ila haizuii yote. Zile za zamani kama piritoni zinanilaza, nikimeza asubuhi ya mtihani nitasinzia juu ya karatasi. Ikitokea midomo au ulimi umevimba, au napumua kwa shida, hiyo sio ya kusubiri dakika 5 mwalimu, msimamizi ajue ni kukimbizwa hospitali moja kwa moja.

Barua ya daktari nimeiambatanisha. Ofisi ya mitihani wameniambia wanahitaji sahihi yako kwanza ndo wao wawataarifu wasimamizi, so kama una nafasi Alhamisi baada ya kipindi nije na fomu ofisini kwako. Kama kuna kipengele unaona hakiwezekani niambie tu tupange kingine, ila kile kiti na zile dakika ndo muhimu zaidi.

Asante sana mwalimu.

Mwanafunzi wako, Takwimu mwaka wa pili, kundi la asubuhi