YAH: Kurekebisha rangi zilizopauka kwenye skrini ya tangazo

Duka la Vitenge na Khanga,
Mtaa wa Kongo, Kariakoo,
Dar es Salaam.
9 Septemba 2025

Kwako Fundi Mussa,

Salaam. Natumaini u mzima na kazi zinakwenda.

Nakuandikia kuhusu ile skrini ya LED uliyonifungia juu ya mlango mwezi Juni, ya vipande 36. Kwa simu tumeshaongea, lakini kila tukiongea mmoja wetu yuko sokoni na mwingine yuko juu ya ngazi, basi nimeona bora niyaandike.

Tangu vijana wako walipokuja Agosti kubadilisha kadi ya ndani na kuleta kisanduku kipya cha kuchezea matangazo, rangi zimepauka. Skrini inawaka vizuri, picha haikatikatiki, wala hakuna kipande kilichokufa. Ila kila kitu kimekuwa kama kitenge kilichoanikwa juani mwezi mzima. Nyeusi imekuwa kijivu. Damu ya mzee inatoka waridi. Zambarau ndiyo kabisa, siwezi hata kuipa jina.

Kwa duka la kuuza nguo hili si jambo dogo. Wiki iliyopita alikuja mama mmoja na kamati yake, wanatafuta sare ya harusi, wakaniomba "ile ya pinki iliyopita hapo juu". Pinki hiyo sina. Ilikuwa damu ya mzee, nikawatolea doti yenyewe, wakanitazama kama ninawabadilishia mzigo. Wakaondoka, na nimewaona kwa macho yangu wakiingia duka la jirani.

Ulisema kwenye simu ni jua. Nimeliangalia hilo. Saa mbili usiku, jua limeshazama, rangi ni zilezile. Mpwa wangu akapunguza mwanga kutoka 100 hadi 40: skrini ikawa na giza zaidi, lakini upaukaji ukabaki palepale. Na kwa kuwa skrini nzima imepauka sawasawa, kona hadi kona, sidhani kama ni vipande.

Kisha akachomoa waya wa HDMI kwenye kisanduku akauchomeka kwenye kompyuta yake, akacheza tangazo lilelile. Hapo nyeusi ikarudi kuwa nyeusi. Lakini damu ya mzee bado ikawa nyepesi kuliko inavyotakiwa. Kwa hiyo naona kama kuna mambo mawili. Kisanduku kwenye mipangilio yake kimeandikwa `RGB Range: Limited`, na mpwa wangu anasema kinatuma nyeusi kwa namba 16 wakati skrini inaitegemea kwenye 0, ndiyo maana inakuwa kijivu. La pili liko ndani ya skrini yenyewe: kadi mpya ilipowekwa, huenda `Gamma` imerudi kwenye 1.0, na ile uliyoipanga wewe Juni haikurudishwa. Wewe ndiye fundi, mimi nauza vitambaa. Lakini anzia hapo kabla hujaniambia ninunue kitu kingine.

Naomba uje mwenyewe, usitume vijana, Jumapili tarehe 14 kuanzia saa nane mchana, wateja wanapopungua, na ukae mpaka giza liingie ili tuione mchana na usiku. Nitatundika doti tano mlangoni: damu ya mzee, zambarau, kijani, manjano na nyeusi. Picha zake zimo tayari kwenye tangazo. Tutasimama ng'ambo ya barabara tulinganishe kitambaa na skrini. Sitarajii zifanane kama pacha, najua taa ni taa, lakini mtu akisema damu ya mzee iwe damu ya mzee.

Ukishamaliza, nihifadhie mipangilio hiyo kwenye flashi na uniandikie namba zake kwenye karatasi. Siku kadi ikibadilishwa tena tusianze upya.

Kuhusu malipo: risiti yako imeandika dhamana ya mwaka mmoja kwa kazi na vifaa, na mwaka haujafika hata nusu. Ziara hii basi sitegemei kuilipia. Ile salio la shilingi 450,000 ninalodaiwa lipo, limetengwa, na nitalituma kwenye simu yako jioni hiyohiyo rangi zikikaa sawa. Ikionekana kisanduku ndicho kibovu, kibadilishe kwa kingine, kwani kilikuja na vijana wako.

Kamati za harusi za Desemba zimeshaanza kuzunguka madukani, na mzigo mpya unaingia wiki ijayo. Kama Jumapili haikufai, nijulishe kabla ya Alhamisi jioni ili tupange siku nyingine wiki hiyohiyo.

Nisalimie nyumbani.

Wako katika biashara,
Mama Zuhura
Mwenye duka