M-Pesa: ilibuniwa kwa marejesho, wateja wakaigeuza

Uchunguzi kifani kwa maofisa mikopo wa SACCOS. Slaidi za semina zilikuwa na visa vitatu vya M-Pesa: Kenya, Tanzania na Afrika Kusini. Cha Kenya nimekieleza kwa urefu. Vingine viwili nimevitia kwenye matokeo, maana ndipo vinaposaidia.

Usuli

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Wakenya wengi hawakuwa na akaunti ya benki. Aliyetaka kupeleka hela kijijini alimkabidhi dereva wa basi au ndugu anayesafiri, akabaki kuomba Mungu zifike. Vodafone, yenye hisa Safaricom, ilipata ruzuku ya karibu pauni milioni 1 kutoka serikali ya Uingereza. Lakini lengo la kwanza halikuwa kutumiana pesa. Lilikuwa dogo zaidi: mkopaji wa Faulu, taasisi ya mikopo midogo ya Kenya, apokee mkopo na alipe rejesho kwa simu.

Hatua

Majaribio yalianza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, kwa mawakala 8 na wateja wapatao 500. Slaidi ilisema tu “majaribio yalifaulu”. Kwa upande wa mikopo, mambo yalikuwa magumu. Wakopaji wa Faulu walidhaminiana kikundi kwa kikundi, wakikutana kila wiki. Mtu akishaweza kulipa akiwa dukani kwake, mkutano anaufuata nini? Tena hesabu za simu zilisumbua kuoanishwa na vitabu vya taasisi. Afisa mikopo yeyote anaijua adha hiyo.

Wateja wenyewe, wakati huo, walikuwa wakifanya mambo ambayo hayakupangwa. Wengine walilipana kati ya biashara na biashara. Wengine waliweka mauzo ya siku kwenye simu wasilale na fedha taslimu ndani. Wapo walionunua muda wa maongezi wakawarushia jamaa zao vijijini.

Waliosimamia mradi waliyafuata hayo. Mikopo ikawekwa kando, menyu ikapunguzwa, na Machi 2007 Safaricom ikazindua huduma kwa ujumbe mmoja: kutuma pesa nyumbani. Salio la wateja liliwekwa benki katika akaunti ya amana, likitengwa na fedha za kampuni.

Matokeo

Huduma ilienea nchini kwa kasi. Utafiti wa Tavneet Suri na William Jack, uliochapishwa mwaka 2016, ulikadiria kuwa kaya 194,000, karibu asilimia 2 ya kaya za Kenya, zilitoka katika umaskini kwa sababu yake.

Tanzania ilianza 2008, ikachukua muda mrefu zaidi kushika. Afrika Kusini ilianza 2010, ikafungwa 2016: huko watu wengi tayari walikuwa na akaunti za benki, na wateja hawakutosha.

Slaidi ya mwisho iliandikwa “Suluhisho kwa Afrika nzima”. Nimeiondoa.